Risala ya Walimu wa Michezo kwa Mgeni Rasmi: Mwanafunzi Kiziwi na Kijiti cha Mbio

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Wajumbe wa Kamati ya Shule, wazazi na walezi,
Walimu wenzetu na wanafunzi,

Karibu Moshi, na karibu katika uwanja huu. Sisi walimu wa michezo tunaomba kukueleza jambo moja: namna mwanafunzi kiziwi anavyofundishwa mbio za kupokezana vijiti pamoja na wenzake wanaosikia. Tumechagua mbio hizi kwa sababu zimezoeleka kuendeshwa kwa sauti. Filimbi huanzisha, kisha kila kijiti kinapobadili mkono, anayekuja hupiga kelele, "Shika!"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi huanzia mahali anaposimama mwalimu. Akilipa jua mgongo, uso wake huwa kivuli, na mwanafunzi kiziwi hukosa midomo pamoja na sura, ambayo nayo ni sehemu ya lugha ya alama. Kwa hiyo kipindi cha saa mbili asubuhi mwalimu hutazama mashariki, Kilimanjaro ukiwa kushoto kwake, na wanafunzi ndio wanaolipa jua mgongo. Jioni hugeuza. Wanafunzi hukaa nusu duara, kwani wakipangwa mistari, kichwa cha wa mbele humziba wa nyuma. Mkalimani husimama bega kwa bega na mwalimu.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kueleza huku unaonyesha. Macho hayawezi kufuata mikono ya mkalimani na kijiti kwa wakati mmoja, hivyo mtoto hupata nusu ya hiki na nusu ya kile, halafu anaitwa mzito wa kuelewa. Huko ni kumwonea. Mwalimu aeleze, anyamaze, aonyeshe polepole, kisha asubiri macho yamrudie kabla ya kuendelea. Anapoonyesha ni mkono upi unaopokea, awape wanafunzi mgongo, maana akiwatazama, mkono wake wa kulia huwa upande wao wa kushoto na wengi watauiga kinyume. Akishawapa mgongo, asiseme neno.

Katika kuanza mbio, filimbi peke yake humfanya kiziwi amchungulie jirani na kuondoka baada yake. Bendera iliyoinuliwa juu nayo haimfai aliyeinama, kwa kuwa macho yake yako chini, karibu na mstari. Katika mashindano ya viziwi hutumika taa zinazowekwa chini, mbele ya mkimbiaji: nyekundu, njano, kisha kijani. Sisi tusio na taa huwaanzisha wote wakiwa wamesimama. Mwanzishaji hukaa mita chache mbele, pembeni mwa njia, mahali anapoonekana na kila mmoja. Kitambaa kikipanda, tayari. Kikishuka kwa kasi, wanaondoka. Filimbi haipigwi kabisa, ili wote waanze kwa ishara moja.

Sasa kijiti chenyewe. Anayepokea huchorewa mstari wa chokaa nyuma yake, kwa kuanzia nyayo 15, akipima mguu kwa mguu. Hutazama nyuma, na mwenzake akikanyaga chokaa, yeye huondoka. Kama wanagongana, mstari uko karibu mno, usogezwe nyuma nyayo mbili. Kama anayekuja hamfikii, usogezwe mbele. Kiziwi anapopokea, hugeuza kiwiliwili kidogo, akanyoosha kiganja wazi, na macho hayaachi kijiti mpaka vidole vimefumba. Kasi hupungua kidogo, lakini kijiti hakidondoki. Kiziwi anapotoa, hakuna wa kuita "Shika!", kwa hiyo mpokeaji anayesikia huhesabu hatua: ya sita ikitua, mkono unakwenda nyuma na kutulia. Ukitikisika, mtoaji hukosa shabaha.

Tahadhari moja. Baadhi ya watoto waliopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo wamepungukiwa pia na mizani ya mwili. Utawatambua kwa kuyumba wanapogeuza kichwa huku wanakimbia. Huyo apewe nafasi ya kwanza, ambayo haihitaji kupokea. Lakini asiyeyumba asifungiwe hapo kila siku kwa sababu tu ni kiziwi, maana hatajifunza kupokea kamwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Kwanza, vitambaa vinne vya rangi ya chungwa, kwa sababu mtoto anayekimbia akiwa amekupa kisogo haoni ishara ya kusimama isipotolewa pia upande wa pili wa uwanja. Pili, mafunzo ya Lugha ya Alama ya Tanzania kwa walimu wa michezo, kwani mkalimani ni mmoja na vipindi vya madarasa hugongana. Tatu, utusaidie kuwaomba waandaaji wa mashindano ya shule waanzishe mbio kwa kitambaa palipo na mkimbiaji kiziwi, ili asikutane na filimbi siku ya mashindano baada ya kufundishwa kwa macho muhula mzima.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu wa Michezo