Barua kwa mwanangu: karati 2.35 si gramu 2.35

Mwanangu mpenzi,

Nimeipata picha ya karatasi ya bei uliyomwandalia yule mteja wa pete ya tanzanaiti. Mwandiko mzuri, hesabu umeijumlisha sawa. Ila nilipofika kwenye mstari wa pili niliweka miwani chini nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Umeandika: pete nzima gramu 5.46, jiwe gramu 2.35, dhahabu gramu 3.11.

Hilo jiwe nililipima mwenyewe hapa Arusha kabla sijakutumia, na mizani ilisoma karati 2.35. Wewe umeichukua namba ukaibadilishia jina. Ungelitazama tu jiwe lenyewe lingekuambia. Ukubwa wake ni kama punje ya mahindi. Gramu 2.35 ni karati 11.75, na jiwe la namna hiyo lisingekaa kwenye pete nyembamba kama ile.

Karati moja ni miligramu 200 kamili, yaani gramu 0.2. Zamani kila soko lilikuwa na karati yake, hii nzito kidogo na ile nyepesi, mpaka mwaka 1907 mkutano mkuu wa vipimo ulipoidhinisha hii ya miligramu 200. Kwa hiyo ukitaka gramu, gawanya karati kwa 5. Ukitaka miligramu, zidisha kwa 200. Gramu lazima ziwe chache kuliko karati. Zikitoka nyingi, umezidisha mahali pa kugawanya.

Mimi kwenye pete hupenda kwenda kwa miligramu kwanza, kwa sababu vile vialmasi vya pembeni ukivihesabu kwa gramu utajikuta unasukuma sifuri tu. Pete yako ina almasi 10, kila moja pointi 2. Pointi ni sehemu moja ya mia ya karati, kwa hiyo pointi moja ni miligramu 2, na kila almasi hapo ni miligramu 4. Zote kumi ni 40. Tanzanaiti ni 2.35 mara 200, sawa na 470. Jumla ya mawe ni miligramu 510, ambazo ni gramu 0.51. Toa kwenye 5.46, dhahabu inabaki gramu 4.95.

Sasa tazama pesa. Tuseme gramu ya dhahabu ya karati 18 unaiuza shilingi 200,000. Gramu 4.95 ni shilingi 990,000. Wewe umemwandikia 622,000, yaani umemzawadia 368,000. Na usije ukakimbilia upande wa pili ukaacha kutoa mawe, kama wanavyofanya baadhi ya masonara: 5.46 mara 200,000 ni 1,092,000. Hapo mteja analipia mawe kwa bei ya dhahabu, halafu analipia tena mawe yaleyale kwa bei yake. Mteja mwenye mizani nyumbani atarudi, na atakuwa na haki.

Hiyo karati 18 ya dhahabu, usiiguse kwenye hesabu ya uzito. Ni usafi wa dhahabu, sehemu 18 katika 24. Majina yamefanana tu, na mteja akiona "karati" mara mbili kwenye karatasi moja atachanganyikiwa. Kwa hiyo andika "dhahabu ya karati 18" na "uzito wa jiwe".

Jambo lingine ni mizani yako. Ile ya dhahabu inasoma hatua ya gramu 0.01, na hatua hiyo moja ni karati 0.05. Ikikuonyesha gramu 0.47, jiwe laweza kuwa karati 2.33 au 2.37, huwezi kujua. Ujanani niliwahi kununua jiwe kwa mizani ya namna hiyo, nikabadilisha gramu kuwa karati kwa madaha, na mnunuzi wangu alipolipima kwake likapungua. Tofauti ilitoka mfukoni mwangu. Dhahabu haitaumia sana kwa hatua hiyo, lakini jiwe linalouzwa kwa karati linataka mizani ya gramu 0.001. Na kabla hujapima, tazama pembeni ya namba: kitufe kimoja tu hubadilisha "g" kuwa "ct".

Jiwe lipime kabla fundi hajalipachika. Likishabanwa kwenye makucha huwezi kulitoa kila mteja akiuliza, kwa hiyo namba ya kwanza ndiyo utakayoitegemea. Iandike kwa karati na kwa gramu palepale kwenye kikaratasi chake.

Mpigie mteja leo kabla hajaleta malipo, mwambie kosa ni lako. Akikataa bei mpya, nitumie ujumbe tuone tunapunguza wapi. Faida ya jiwe bado ina nafasi kidogo. Mama yako anakusalimu, anauliza kama ile dawa ya kifua umeimaliza.

Baba yako