Video ya kumuaga mwalimu: jinsi tunavyounganisha jumbe nyingi kuwa simulizi moja

Kamati za maagano mara nyingi hutuletea simu iliyojaa sauti za WhatsApp. Ukizisikiliza, karibu zote zinasema yale yale: mwalimu ni mchapakazi, alitulea kama mzazi, Mungu ampe maisha marefu. Ni maneno ya kweli yaliyotoka moyoni. Ila ukiyapanga yalivyo, wageni watasikiliza ujumbe wa kwanza na wa pili, halafu wataanza kuongea wao kwa wao, maana ujumbe wa tatu hauwaambii jambo jipya.

Ndiyo maana tunaanza na swali. Badala ya kutangaza "tumeni salamu", tunaiomba kamati iulize hivi: "Ikumbuke siku moja uliyokuwa na mwalimu huyu. Mlikuwa wapi, alifanya nini, alisema nini?" Sekunde 40 zinatosha. Kwa walimu wenzake tunaongeza jingine: "Siku akiwa zamu, ungejuaje kabla hujamwona?" Hapo ndipo hutoka habari za mchakamchaka, paredi na filimbi yake.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi hapa Tanzania, aliyeajiriwa mwaka 1988 na kustaafu 2025 alipotimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Kila ujumbe tunauandikia kikadi: nani anasema, mwaka gani, tukio gani. Vikadi vyenye tukio tunavipanga mezani kwa miaka, na pengo huonekana mara moja. Ikiwa miaka ya mwanzo haina mtu, tunaiomba kamati imtafute mstaafu aliyefundisha naye wakati huo. Salamu zisizo na tukio hatuzitupi. Tunachukua maneno machache ya kila moja na kuyafuatanisha mwishoni, ili kila aliyetuma ajisikie.

Kisha tunatafuta kitu kinachojirudia kwa watu ambao hawakukaa kikao kimoja. Kwa mwalimu huyu tuseme ni vizibo vya soda. Muswada unakuwa hivi:

MSIMULIZI: Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ilikuwa imefutwa, na madarasa yakafurika.

MWANAFUNZI WA ZAMANI: Tulikaa chini, tumebanana. Mwalimu akamwaga vizibo sakafuni, akasema, "Haya, hesabuni."

MSIMULIZI: Chumba cha jirani kulikuwa na kipindi cha Kiswahili.

MWALIMU MWENZAKE: Nikisikia vizibo vinamwagika, najua leo wanatoa na kujumlisha.

MSIMULIZI: Darasa la tatu, mwaka huu.

MWANAFUNZI: Mimi ndiye ninayetunza mfuko wa vizibo.

Angalieni kwamba msimulizi hamsifu mwalimu hata mara moja. Anataja mwaka na mahali, basi, sifa inabaki kwa walioona. Muswada unaharibika pale msimulizi anapoeleza jambo ambalo sauti inayofuata inakwenda kulisema. Ili kulijua hilo, tunausoma kwa sauti huku tukifunika mistari ya msimulizi mmoja mmoja. Mstari ambao hadithi inaeleweka bila huo, unatoka. Kiswahili kinachosimuliwa kwa utulivu huchukua karibu dakika moja kwa maneno 100 hadi 110. Kwa video ya dakika nane, msimulizi hapewi zaidi ya maneno 250 hivi.

Hadithi za viboko huja nyingi, na wasimuliaji huzicheka. Sisi tunaziacha, kwa sababu mwalimu atakuwa amekaa mbele pamoja na wajukuu wake. Miaka na vituo vya kazi tunavihakiki na familia kimya kimya, kwa barua ya ajira na za uhamisho, kwani kumbukumbu za watu huchanganya miaka. Wanafunzi waliopo shuleni tunawarekodi kwa ruhusa ya mzazi na mwalimu mkuu, na majina yao hayatokei kwenye video.

Kuhusu sauti: msirekodi darasani chini ya bati pasipo dari, mwangwi hautoki tena. Chini ya mwembe, mbali na barabara, ni bora zaidi. Video ya simu itumeni WhatsApp kama dokumenti, kwani ikitumwa kawaida hubanwa na picha hufifia. Na kama hafla ni mchana kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa, kodini televisheni kubwa badala ya projekta.

Tunaomba wiki tatu kabla ya hafla, na ya kwanza yote ni ya kukusanya jumbe. Pamoja na video, mwalimu hupewa flashi yenye kila ujumbe mzima, bila kukatwa, ausikilize nyumbani kwa wakati wake.