Sikuacha dawa, ziliisha

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Uliponipigia baada ya uzinduzi wa kitabu changu cha presha ulitaka nikusimulie yote niliyosema pale nilipoinua glasi, nami nikakukatisha kwa kuwa sauti ilikuwa imenikauka. Sasa nimetulia, acha nikuandikie.

Tulikuwa watu 30 hivi. Kipaza sauti kiligoma tangu mwanzo, na kilinifanyia hisani, maana nilisogea katikati ya watu nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya kuita wagonjwa wodini. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za shukrani. Nilipoanza kuzisoma nikaona macho ya watu yanahamia kwenye sahani, nikazikunja. Nikasema nitawashukuru watu watatu tu waliousoma mswada kabla haujawa kitabu, kwa sababu wao ndio waliouharibu ukawa mzuri.

Wa kwanza ni fundi bomba. Wewe unajua kitabu kizima ni cha presha, na unajua nilivyojivunia sentensi yangu ya kwanza: "Shinikizo la damu ni msukumo wa damu dhidi ya kuta za mishipa." Nilimpa aisome, kisha nikamwomba anieleze bila kuangalia karatasi. Akanirudishia maneno yale yale, neno kwa neno, kama mtoto aliyekariri. Nikafurahi. Nilipomuuliza, "Basi wewe waweza kuwa nayo?" akacheka: "Mimi? Mimi ni mpole, sina presha na mtu."

Ndipo nilipoelewa. Sisi kwa Kiswahili tunasema "usinipe presha", tunasema "fulani ana presha" tukimaanisha ana haraka au hasira za karibu. Msomaji anapokutana na neno hilo kitabuni anakuja na maana yake mfukoni. Nilikuwa nimeandika "shinikizo la damu" kukwepa neno la mtaani, kumbe nimekwepa mahali penyewe penye tatizo. Sentensi ya sasa inasema: "Presha ninayoisema hapa si hasira wala wasiwasi. Mtu mpole kabisa anaweza kuwa nayo miaka mingi asihisi chochote." Halafu ndipo mabomba yanafuata, maji yakisukuma kwa nguvu kupita kiasi siku baada ya siku, na mfano huo ni wake, si wangu.

Tangu siku hiyo nikawa na kipimo kimoja. Msomaji akirudia maneno yangu, sijui kama ameelewa. Akisema kwa maneno yake na maana ikabaki ile ile, sentensi imefanya kazi. Akisema kwa maneno yake na maana ikapotea, kosa ni langu, narudi mezani.

Wa pili ni mama mmoja mshonaji, mwenye presha mwenyewe, na hapa ndipo nilipochelewa kidogo katika hotuba, maana koo lilinibana. Mswada ulisema: "Usiache dawa bila ushauri wa daktari." Umeiona sentensi hiyo mara ngapi? Mimi nimeisema kwa miaka yote ya uuguzi. Mama yule aliisoma, akatikisa kichwa kukubali, akasema yeye hajaacha hata siku moja. Nikamuuliza mara ya mwisho kumeza ni lini. Akafikiri, akasema ni wiki tatu zilizopita. "Lakini sikuacha, mwanangu. Ziliisha."

Hakuwa anadanganya. Kwake kuacha ni uamuzi: mtu anasimama na kusema sitaki tena. Dawa kuisha ni jambo linalokupata tu, kama mvua. Na kwa kuwa alijisikia vizuri, hakuona cha kumharakisha. Nikaanza kuwakumbuka wagonjwa wote niliowauliza "Umeacha dawa?", wakasema hapana, nami nikaandika hapana kwenye faili. Wangapi walikuwa wameishiwa? Siwezi kuwarudia sasa.

Sentensi hiyo niliiandika upya mara sita. Iliyobaki ni hii: "Zikibaki za siku 7, nenda kachukue nyingine. Usingoje ziishe, na usingoje uumwe. Kwa mwili wako, kuishiwa na kuacha ni kitu kimoja." Mama alipoisikia ukumbini akainua glasi yake kabla yangu, watu wakamfuata, na mimi nikabaki mdomo wazi na glasi mkononi.

Wa tatu alinisahihisha kwa upande wa pili, na nilitaka watu walisikie hili pia. Katika kurahisisha nilivuka mpaka. Niliandika "chumvi ndiyo inayoleta presha". Ni fupi, inaeleweka, na si kweli. Kijana aliyeisoma, mwalimu, akasema: "Basi babu yangu hawezi kuipata, maana chakula chake hakitiwi chumvi." Chumvi nyingi ni sababu mojawapo, lakini wagonjwa walio wengi hawana chanzo kimoja cha kunyooshea kidole, umri, uzito, ukoo, vyote vimo. Nikaongeza mistari mitatu, ukurasa ukawa mzito kidogo, na nikauacha hivyo hivyo. Kuandikia watu wa kawaida hakunipi ruhusa ya kuwadanganya ili wasome haraka.

Namba nazo sikuzitoa. Kuna mwenzangu wa kazi aliyenishauri niondoe 140/90, eti zinatisha. Lakini mtu akikaa mbele ya mashine hatoonyeshwa maneno, ataonyeshwa namba. Kwa hiyo nimeeleza kwamba ya juu ni nguvu wakati moyo unakamua, ya chini ni wakati moyo umelegea kupokea damu, na kwamba zikifika 140 kwa 90 kwenye vipimo vya siku tofauti, ndipo daktari anaanza kusema ni ugonjwa. Na nimeeleza kipimo kinavyoharibika: ukipimwa huku unaongea, ukiwa umebana mkojo, umepishanisha miguu, au mkanda ni mdogo kwa mkono wako, namba hupanda bila sababu. Kaa dakika 5 kwanza, miguu sakafuni, mkono uegemee meza usawa wa moyo. Hayo hayahitaji msomi.

Mwenzangu huyo huyo alikuwepo. Aliniambia baadaye, kwa upole, kwamba kitabu "hakina uzito wa kitaaluma". Sikumjibu. Kusema kweli liliniuma hadi nikafika nyumbani, maana nami nilikipenda kile Kiswahili cha ripoti. Kilinifanya nionekane najua. Pale ukumbini nilisema hivyo hivyo, kwamba miaka mingi nimeongea na wagonjwa ili wenzangu wasikie, na kitabu hiki ni mara ya kwanza kuongea na mgonjwa mwenyewe. Kisha nikasema "kwa afya ya waliokisoma kikiwa kibaya", tukanywa.

Baadaye mama mshonaji alikuja na nakala yake niisaini. Nikafungua ukurasa wa mbele, akanizuia mkono, akafunua hadi penye zile siku 7. Akasema nisaini hapo, ndipo atakapokuwa anafungua.

Nakala yako nimeifunga, nitamkabidhi atakayekuja huko. Tafadhali usinipigie kuniambia ni nzuri. Niambie ni ukurasa gani ulirudi kuusoma mara mbili, maana toleo la pili nimeshaanza kuliwekea alama.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako wa siku zote.