Orodha ya marejeo ya taarab: kabla hamjatuma

Asalaam aleikum jamaa. Kila rejeo liwe na maelezo ya sentensi tatu au nne: ni kitu gani, nani kakiandika, kapata wapi habari zake, na sisi tutakitumia kwa lipi. “Nzuri sana, inafaa” si maelezo.

Maandishi ya majalada ndiyo yanayotusumbua. Chukueni mfano wa CD ya nyimbo za Siti binti Saad. Ukiona herufi P ndani ya duara na mwaka wa karibuni, huo ni mwaka wa kutolewa kwa toleo hilo, si wa kurekodiwa. Siti alianza kurekodi Bombay mwaka 1928 na akafariki 1950. Kwa hivyo andikeni miaka yote miwili, na wa kurekodi utafuteni kwa namba iliyochorwa kwenye santuri yenyewe, karibu na lebo. Jalada liaminiwe zaidi kwa majina ya wapigaji na nyimbo. Historia yake hupambwa, maana lipo kuuza.

Tovuti nazo hunakiliana. Chukua sentensi moja, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute. Ikijitokeza neno kwa neno kwenye tovuti tano, hicho ni chanzo kimoja tu, basi tafuta ya kwanza. Discogs huandikwa na watumiaji, kwa hivyo tazameni picha za lebo kabla ya maneno.

Zein wetu wa Lamu mtafuteni kama Zein l’Abdin na pia Zein Musical Party. Andikeni na tarehe mliyofungua ukurasa.