Mzigo wa lumbesa na namba mbili za majibu: kwa nini API yetu sasa inajibu 422

Msimu uliopita wa mahindi, saa mbili usiku, msimamizi wa ghala la mteja wetu mmoja karibu na Kibaigwa alitupigia simu ofisini hapa Dodoma. "Ndugu zangu, mfumo umegoma. Malori yamepanga mstari na stakabadhi haziendi." Tulifungua kumbukumbu za seva tukakuta seva iko hai na mtandao upo. Kitu kilichokwama kilikuwa ombi moja tu. Nyuma yake, ndani ya simu ya karani wa mizani, stakabadhi nyingine 17 zilikuwa zinasubiri zamu.

Hili hapa ndilo ombi lenyewe:

```json
{
  "stakabadhi": "KB-2214",
  "zao": "mahindi",
  "magunia": 40,
  "kilo": 4720
}
```

Lisome taratibu. Mabano yamefungwa, koma ziko mahali pake, namba ni namba na maneno ni maneno. Kwa upande wa umbo halina kasoro hata moja. Ila ukigawa kilo 4720 kwa magunia 40 unapata kilo 118 kwa gunia, na kila anayefanya biashara ya mazao anajua kwamba gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Hiyo ni lumbesa. Mfumo wetu ulikuwa sahihi kuukataa mzigo ule. Tulikosea kwenye namna ya kuukataa, kwa sababu tulijibu `400 Bad Request`, jibu lilelile tunalompa mtu aliyetuma JSON iliyokatika katikati.

Fundi aliyemtengenezea mteja wetu programu ya simu alikuwa ameandika kanuni ya busara kabisa. Ikirudi 400, programu isimamishe foleni nzima na imwambie karani awasiliane na fundi. Alifikiri hivi: seva ikisema haielewi ombi langu, basi programu yangu ndiyo inayotengeneza maombi mabovu, na yanayofuata yatakuwa mabovu vilevile, kwa hiyo nisiendelee kutuma. Mimi ningekuwa yeye ningeandika hivyohivyo. Sisi ndio tuliompa ishara yenye maana mbili, naye akashika ile maana ya zamani.

Na kweli ni ya zamani. Mwaka 1999, maelezo rasmi ya HTTP katika RFC 2616 yalisema 400 ni ombi ambalo seva haikulielewa kwa sababu sintaksia yake ni mbovu. Mwaka 2014, RFC 7231 ililegeza maana hiyo, ikawa ni kosa lolote ambalo seva inaona limetoka kwa mtumaji. RFC 9110 ya mwaka 2022, inayotumika sasa, imebaki na maana hiyo pana. Kwa hiyo anayejibu 400 kwa mzigo wa lumbesa hajavunja kanuni, na ndiyo maana mjadala huu hauishi. Hata zana za kazi hazikubaliani. Django REST Framework na ASP.NET Core hujibu 400 taarifa zikishindwa kupita ukaguzi, ilhali Laravel na FastAPI hujibu 422 bila wewe kugusa chochote.

Namba 422 nayo ina historia yake. Ilizaliwa pia mwaka 1999 ndani ya WebDAV, upanuzi wa HTTP kwa ajili ya kuhariri mafaili yaliyo kwenye seva, ikiitwa `Unprocessable Entity`. Kwa miaka mingi watu waliikopa tu kwa matumizi mengine. RFC 9110 ndiyo iliyoiingiza kwenye HTTP yenyewe na kuibadilisha jina kuwa `Unprocessable Content`. Maana yake iko wazi: seva inaijua aina ya maudhui uliyotuma, sintaksia iko sawa, lakini maagizo yaliyomo hayawezi kutekelezwa. Mzigo wa KB-2214 unaingia hapo bila kusukumwa.

Baada ya usiku ule tulikaa mezani tukajiuliza swali moja, na ndilo tunalotumia hadi leo tunapoandika ukaguzi mpya: nani anatakiwa kurekebisha? Kama anayetakiwa kushika kazi ni fundi wa programu, tunajibu 400. Kama ni karani, kwa kubadilisha alichojaza au kufungua magunia na kupima upya, tunajibu 422. Programu ya simu ikipata 422 inaiweka stakabadhi hiyo moja pembeni, inamwonyesha karani sababu, kisha inaendelea na zile 17. Lori moja linasubiri, mengine yanapakua.

Kwenye kingo swali hilo linahitaji uamuzi, na tunaeleza wetu ili msije mkashtuka. Ikija `"kilo": "4720"`, yaani namba ndani ya alama za nukuu, sisi tunajibu 400. JSON ni halali, ndiyo, lakini karani hawezi kuziondoa alama hizo hata akijaza fomu mara mia. Programu ndiyo iliyoziweka. Uga wa `magunia` usipokuwepo kabisa, vilevile ni 400. Hapa tunatofautiana na FastAPI, ambayo kwa kawaida huipokea namba iliyo ndani ya nukuu kwa kuigeuza kuwa namba, na hujibu 422 uga usipokuwepo, na hatusemi imekosea. Tunasema tu kwamba kwa wateja wetu, wenye simu zinazotunza foleni mtandao ukipotea njiani, mpaka huu ndio unaookoa muda.

Ikija `"kilo": -40`, hiyo ni 422. Ni namba halali, ila hakuna mzigo wa kilo hasi. Zao lisilojulikana lilitusumbua zaidi. Karani akiandika `"mahnidi"` kwa mkono, kosa ni lake. Programu ikiwa na orodha ya kuchagua iliyopitwa na wakati, kosa ni la fundi. Seva haina njia ya kujua lipi limetokea. Tumechagua 422 kwa sababu orodha ya mazao iko kwenye hifadhidata yetu na hubadilika msimu kwa msimu. Ombi lililokataliwa leo kwa kutaja zao ambalo ghala halijaanza kulipokea, mwezi ujao linaweza kupita bila fundi kugusa mstari hata mmoja wa programu.

Kuna hali moja inayofanana na 422 ambayo tumeiachia namba yake. Stakabadhi KB-2214 ikishafungwa na msimamizi, kisha simu nyingine ikatuma marekebisho yake, maudhui yanaweza kuwa safi kabisa na bado tukayakataa. Hapo hakuna kilichojazwa vibaya. Kinachogongana ni hali ya stakabadhi kwa wakati huo, na jibu letu ni `409 Conflict`.

Lakini namba peke yake haimwambii karani afanye nini. Katika jibu la zamani tulituma 400 na neno moja, `"invalid"`, na ndiyo maana msimamizi alidhani mfumo umegoma. Sasa tunafuata muundo wa RFC 9457 wa kueleza matatizo, na jibu la mzigo ule linatoka hivi:

```http
HTTP/1.1 422 Unprocessable Content
Content-Type: application/problem+json

{
  "type": "https://example.com/matatizo/lumbesa",
  "title": "Gunia limezidi kilo 100",
  "status": 422,
  "detail": "Magunia 40, kilo 4720: wastani 118.",
  "errors": [
    { "pointer": "#/magunia",
      "detail": "Pima upya au ongeza magunia." }
  ]
}
```

Anwani ya `type` hapo juu ni ya mfano, ya kwenu mtaiona kwenye nyaraka. Sehemu ya `type` ni ya programu: isomeni hiyo mnapoamua skrini ifanye nini, kwa sababu haibadiliki. `title` na `detail` ni za binadamu, na tunaweza kuzinyoosha maneno siku yoyote. `pointer` inaonyesha kisanduku cha kuwekea rangi nyekundu kwenye fomu. Msilinganishe maneno yanayofuata namba 422. Maktaba nyingi bado zinaandika jina la zamani, na HTTP/2 haisafirishi maneno hayo kabisa, inabeba namba tu.

Kwa mzigo wa KB-2214 wenyewe, magunia yalifunguliwa yakapakiwa upya na kuwa 48. Kilo 4720 kwa magunia 48 ni wastani wa kilo 98 na kidogo, ombi likapita. Nikiri kwamba ukaguzi huu unaangalia wastani. Magunia 40 yenye kilo 3960 yatapita kwa wastani wa 99 hata kama ndani yake mna moja la kilo 115 lililofichwa kati ya mepesi. Hilo haliwezi kuonekana mpaka kila gunia lipimwe peke yake na uzito wake utumwe peke yake. Mizani bado ina kazi ambayo seva haiwezi kuifanya.

Faida nyingine tuliiona baadaye, upande wetu wa ndani. Zamani majibu yote ya kukataa yalikuwa kapu moja, na idadi ikipanda hatukujua tuanzie wapi. Sasa 400 zikiongezeka ghafla asubuhi, tunajua kuna mteja ametoa toleo jipya la programu lenye kasoro, na tunampigia fundi wake kabla makarani hawajaanza kulalamika. 422 zikipanda wakati wa mavuno, tunampigia msimamizi wa ghala, na mara nyingi ni karani mpya au mizani inayohitaji kuangaliwa.

Mabadiliko haya yako kwenye njia zinazoanza na `/v2/`. Zile za `/v1/` zitaendelea kujibu 400 kwa kila kitu mpaka mteja wa mwisho ahame, maana hatutaki kumbadilishia mtu jibu katikati ya msimu. Programu isiyoijua 422 inatakiwa na kanuni za HTTP kuichukulia kama 400, kwa hiyo nyingi zitaendelea kufanya kazi. Hatari iko pale fundi alipoandika `status == 400` peke yake, kisha kila namba nyingine akaihesabu kuwa imefanikiwa au akairudia baada ya dakika tano. Kurudia ombi lilelile lenye 422 bila kubadilisha chochote ni kumaliza bando la karani, jibu litakuwa lilelile.

Kabla ya kuhama, mwambieni fundi wenu atume maombi mawili kwenye `/v2/` ya majaribio. La kwanza ni lile la magunia 40 na kilo 4720. La pili ni hilohilo, koma ya baada ya 40 ikiwa imefutwa. La kwanza lirudi 422, liwekwe pembeni, foleni iendelee. La pili lirudi 400, foleni isimame. Yakifanya tofauti na hapo, tupigieni kabla malori hayajafika.