Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga kuhusu chai ya habasoda

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Ngamiani. Nakuandikia kuhusu chai ya habasoda na asali inayouzwa mitaani kwetu kwenye chupa zenye karatasi isemayo inaponya sukari, presha, vidonda vya tumbo na saratani. Habasoda nyumbani kwetu haikosekani na sina ugomvi nayo. Ninacholalamikia ni ushahidi unaotumika kuiuza.

Mama yangu mkubwa ana kisukari. Alipoanza chai hiyo, kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 9.8. Baada ya wiki mbili kikasoma 8.1, na muuzaji akaanza kumtaja kwa wateja kuwa ni mtu aliyepona. Lakini katika wiki hizo hizo mama alikuwa ameacha soda na maandazi, na vidonge vya metformin alikuwa bado anameza. Kilichoshusha sukari ni kipi? Vipimo viwili haviwezi kujibu, kwani sukari hupanda na kushuka hata siku kwa siku. Tena 8.1 bado ni kisukari, maana kabla ya kula huanza kuhesabiwa kwenye 7. Muuzaji akamshauri aache vidonge. Mwezi haujapita, kipimo kikasoma 17, kiu haikatiki, usiku haishi kwenda chooni.

Na asali je? Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 17 za sukari. Aliambiwa anywe vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na kijiko chake. Hizo ni gramu 50 hivi, anazopewa mgonjwa wa sukari kama dawa.

Tafiti za habasoda kwa wenye kisukari zipo. Nyingi ni ndogo, zilitumia mbegu au mafuta yaliyopimwa, mara nyingi wagonjwa wakiendelea na dawa zao, na nafuu iliyoonekana ilikuwa ya wastani. Hilo haliwezi kuhamishiwa kwenye chupa ambayo haisemi ina gramu ngapi za mbegu.

Wauzaji hutaja hadithi ya Mtume kwamba habasoda ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Naiamini. Ila wanazuoni wa kale, akiwemo Al-Khattabi, walieleza kuwa ni kauli ya jumla inayokusudia baadhi ya maradhi. Hakuna humo ruhusa ya kumwachisha mtu vidonge.

Naomba mambo mawili. Maofisa wako wakague chupa hizi, na anayetangaza kuponya aoneshe usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Pili, kwenye kliniki za sukari wagonjwa waulizwe kwa upole wanakunywa nini nyumbani. Mama hakusema, kwa sababu mara ya mwisho alipotaja dawa ya miti shamba alifokewa mbele ya foleni.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga