Barua kwa mpwa wangu anayeandika insha ya kuomba ufadhili

Mpwa wangu mpendwa,

Rasimu yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani hapa Lindi baada ya sala ya alasiri, na nimeomba ruhusa yako na ya dada yangu, mama yako, ili jibu langu nilitoe hadharani. Najua wapo vijana wengine wa Newala, Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa ambao wiki hizi wanaandika insha kama yako. Jina lako silitaji. Nitataja yale ambayo nyinyi wawili mmekubali yatajwe.

Umepewa maneno 500. Katika hayo, 380 umeyatumia kueleza umaskini, na hata baada ya kuyamaliza sikuweza kujua mambo matatu ambayo msomaji wa insha za namna hii huyatafuta: ni nini hasa kilichopungua nyumbani kwenu, kilipungua lini, na wewe ulifanya nini kilipopungua. Kwa miaka minne nimekuwa mmoja wa watu wanaosoma maombi ya ufadhili mdogo wa wilayani, na ninakuhakikishia kwamba maneno “umaskini wa kutupwa” hutokea katika insha nyingi kiasi kwamba jicho huyapita bila kuyaona. Hayana kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuyaandika, hata yule ambaye baba yake ana duka la jumla.

Tuichukue aya yako ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyobeba mzigo wote. Uliandika hivi: “Mimi ni yatima niliyezaliwa katika familia maskini ya kutupwa. Tumelala njaa siku nyingi. Mama yangu amehangaika usiku na mchana huku akibubujikwa na machozi. Nilirudishwa nyumbani mara kwa mara kwa kukosa ada, na hakuna ndugu yeyote aliyejitokeza kutusaidia.” Zipo sentensi nne hapo, na hakuna hata moja inayoweza kusimama mbele ya mtu anayeuliza swali moja la ziada.

Anza na neno “yatima”. Sisi tunamwita yatima hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja, na hakuna anayeshangaa. Msomaji wa ofisini, lakini, anaweza kuelewa kwamba umefiwa na wote wawili, kisha akafungua barua ya mtendaji wa kijiji uliyoiambatisha akakuta imeandikwa kwamba unaishi na mama yako mzazi. Hapo hataanza kutafakari maana za neno; atajiuliza ni lipi kati ya hayo mawili ni la uongo. Nimewahi kuona ombi zuri likiwekwa pembeni kwa sababu ya tofauti ya namna hiyo, na mwombaji hakuwa amekusudia kumdanganya mtu. Andika: “Baba alifariki nilipokuwa darasa la tano, tangu hapo tumelelewa na mama.” Hapo hakuna la kutafsiriwa.

Kuhusu ada, kumbuka umesoma katika shule za serikali. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, nawe uliingia kidato cha tano mwaka 2023. Msomaji yeyote wa Tanzania anayajua hayo. Ukisema ulirudishwa kwa kukosa ada, umeibomoa shida yako ya kweli kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu shida ilikuwepo, ila haikuitwa ada. Ilikuwa kodi ya geto, mchango wa chakula cha mchana, sare na madaftari. Yataje kwa majina hayo hayo.

Nije kwenye njaa, na hapa nakuomba uwe na subira nami, kwa maana ndipo niliposimama kwa muda mrefu zaidi. Hamkulala njaa siku nyingi. Mlikuwa na muhogo shambani, mlikuwa na mbaazi na kunde, na dada yangu hajawahi kuacha jiko lake lizime jioni. Kilichokosekana kilikuwa fedha taslimu. Kwetu Kusini fedha ya korosho huingia kwa msimu mmoja, baada ya mkulima kupeleka mzigo katika chama cha ushirika, ukaingia ghalani na kuuzwa mnadani kuanzia Oktoba. Kinachopatikana hapo hadi Desemba au Januari ndicho kinachotakiwa kifike msimu mwingine. Mtu aliyezoea mshahara wa kila mwezi hawezi kulijua hilo mpaka aambiwe, na ukimweleza kwa sentensi moja ataelewa kwa nini nyumba yenye chakula inaweza kukosa shilingi 10,000 mwezi wa Machi. Ukimwambia mlilala njaa, utapata huruma yake kwa dakika moja, na utakuwa umemsingizia mama yako kwamba alishindwa kulisha wanawe.

Nilipokuuliza kwa simu ni mwaka gani ulikuwa mgumu kuliko yote, hukusita. Ulisema 2020, mwaka mama alipovunjika mkono. Ukaendelea kunisimulia kwa utulivu kabisa, bila neno “hangaika” wala neno “machozi”, nami nikachukua kalamu nikaandika ulivyosema. Ilikuwa Julai, mikorosho 60 imeanza kutoa maua, na huo ndio wakati wa kupulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiriunga usiyakaushe. Mama hakuweza kuibeba pampu, na kibarua wa kupulizia alihitaji kulipwa papo hapo. Msimu uliotangulia mlikuwa mmeuza kilo 480. Msimu ule mkauza kilo 170, na baada ya makato mkapata takriban shilingi 340,000. Januari 2021, ukiingia kidato cha tatu, ulimwambia mama kwamba utaiacha geto na kurudi kulala nyumbani, kilomita 9 kutoka shuleni.

Haya yote hayakuwemo katika rasimu yako. Sasa soma aya niliyoiunga kwa maneno yako mwenyewe:

“Baba alifariki nilipokuwa darasa la tano, tangu hapo tumelelewa na mama, ambaye hulima mikorosho 60. Korosho hutupatia fedha mara moja kwa mwaka. Julai 2020 mama alivunjika mkono na hakuweza kupulizia salfa, hivyo mavuno yalishuka kutoka kilo 480 hadi kilo 170. Kodi ya chumba karibu na shule, shilingi 10,000 kwa mwezi, haikuwezekana tena, nami nikaanza kutembea kilomita 9 kila asubuhi. Nilikuwa nikikosa sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza, ambacho siku mbili kwa wiki kilikuwa Hisabati, na alama yangu ilishuka kutoka 71 hadi 48 katika mtihani wa Juni 2021. Nilipatana na mwenzangu kunakili daftari lake wakati wa mapumziko, na nikamwomba mwalimu kazi za ziada za Jumamosi. Desemba nilipata 66. Mjomba wangu alilipa mchango wa chakula kwa mihula miwili.”

Ona kwamba alama haikurudi kwenye 71. Uliniuliza kama tuandike 70 ili ipendeze, nami nikakataa, na si kwa sababu cheti cha matokeo kitaambatishwa tu. Kijana aliyetembea kilomita 18 kwa siku akapanda kutoka 48 hadi 66 anaaminika kwa sababu hakufika juu kabisa. Pia ona kwamba mama hakulia mahali popote katika aya hiyo. Alivunjika mkono, jambo ambalo kijiji kizima kinalijua na ambalo yeye mwenyewe ameridhia liandikwe. Kama angekuwa na ugonjwa ambao hajautangaza, hiyo ingekuwa siri yake na si mali ya insha yako, nasi tungeandika tu kwamba “mama hakuweza kufanya kazi kwa miezi minne” na kuendelea.

Sentensi ya mwisho inanihusu, na nimeona umesita kuiweka. Uliandika kwamba hakuna ndugu aliyesaidia, nadhani kwa hofu kwamba msaada wangu mdogo ungepunguza uzito wa ombi lako. Sikuudhika, mpwa wangu, lakini hofu hiyo haina msingi. Msomaji anayejua maisha yetu anajua kwamba mtoto wa Kimakonde au wa Kimwera ana mjomba, na mjomba asipotajwa kabisa ataulizwa yuko wapi. Kilicho muhimu ni kuonyesha mpaka wa msaada huo: mihula miwili, chakula tu, na kwa nini hauwezi kufika chuoni, kwa kuwa sasa nina watoto wawili sekondari. Msaada uliotajwa pamoja na mpaka wake unalieleza pengo vizuri kuliko kuukana.

Pengo lenyewe nalo liandikwe kwa hesabu. Aya uliyosoma ina maneno kama 115, kwa hiyo unabaki na karibu 385, na hayo ni ya masomo unayotaka kusoma, kwa nini unayataka, na fedha inayopungua. Kama umeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, sema hivyo wazi. Chukua karatasi ya gharama uliyotumiwa na chuo, tenga ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na mafunzo kwa vitendo. Andika kila kimoja kitalipwa na nani, kisha uonyeshe kiasi kinachobaki bila mlipaji. Usikizidishe ili upate nafasi ya kupunguziwa, maana hapa si sokoni, na mfadhili akiona umeomba zaidi ya jumla ya karatasi ya chuo hataendelea kusoma.

Mwanzo wa insha yako, ule unaosema umetoka “mkoa ulio nyuma kimaendeleo”, nimeukata. Hukuombwa kuishtaki Mtwara. Nimeikata pia methali ya kidole kimoja na chawa, ambayo msomaji amekutana nayo asubuhi hiyo hiyo katika insha tano. Mahali pake anza moja kwa moja na mikorosho 60.

Bado sijaridhika na jambo moja. Umesema mama hakufanya kazi kwa miezi minne, lakini dada yangu aliponipigia juzi alisema alianza kupalilia kwa mkono mmoja kabla ya Oktoba. Keti naye jioni hii, umsomee aya yote kwa sauti, na pale atakapokukatiza ili kusahihisha, andika alivyosema yeye. Kisha nitumie.

Mjomba wako,
Lindi